SOMO: Polepole, analialia, katakata: namna ya kutafsiri uradidi kwa Kiingereza

Nimeulizwa mno swali hili: ukilirudia neno, unaongeza nguvu au unapunguza? Yote mawili yanawezekana, na ipo njia ya kujua. Naliweka hapa ili atakayeuliza tena nimwelekeze huku.

Hatua ya 1. Tazama kama nusu ya neno bado inabeba maana ya neno zima. Mbalimbali si mbali sana, na polepole si pole mara mbili. Maneno ya aina hii yatafsiri kama neno moja. Polepole lenyewe hufuata tendo: kutembea polepole ni "slowly", kufunga mlango polepole ni "gently", hali inayobadilika polepole ni "gradually".

Hatua ya 2. Tazama kilichorudiwa: ni shina tu au ni neno zima na viambishi vyake? "Mtoto akalia, akalia, akalia" limerudiwa zima, maana yake alilia kwa muda mrefu, na Kiingereza nacho hurudia: "cried and cried". Lakini katika "mtoto analialia", ana- imekuja mara moja. Huyu hapigi kilio, ananung'unika: "whimpering" au "whining".

Hatua ya 3. Shina likirudiwa, amua kama linalainisha au linazidisha. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilikuwa natafsiri hadithi ya kijana aliyefiwa, ikafika sentensi hii: "Mzee alimpigapiga mgongoni." Nikaandika "The old man beat him on the back again and again." Mhariri akaniuliza kwa nini mzee anampiga mfiwa. Ilitakiwa "patted him on the back". Neno moja, na mfariji nimemgeuza mkatili.

Tangu siku hiyo najiuliza: tendo likiisha, kitu kilichotendwa kinabaki vipi? Karatasi iliyochanwachanwa haiwi tena karatasi nzima, kamba iliyokatwakatwa imekuwa vipande. Hapo uradidi unazidisha, na Kiingereza huonyesha matokeo: "torn to shreds", "cut to pieces". Lakini kucheka, kulia, kugusa na kutembea haviachi kitu kimevunjika. Hapo tendo hugawanyika kuwa vitendo vidogovidogo visivyo na nguvu wala lengo kubwa: anachekacheka ni "giggling", anagusagusa ni "keeps touching".

Tahadhari: piga iko katikati. Mgongo wa mfiwa hupigwapigwa kwa kiganja, mwizi hupigwapigwa na umati. Usiamue kabla hujajua nani anampiga nani na kwa nini. Tahadhari ya pili: usikimbilie "very" wala "a little". Kiingereza mara nyingi kina kitenzi chake kabisa kwa tendo lililolainishwa. Kitafute hicho kwanza.

Hatua ya 4. Soma tafsiri bila kutazama Kiswahili, uone kama mhusika bado ni yuleyule.

---

Swali: Mkuu, sijasoma yote. Nipe tu tafsiri ya "anatembeatembea".

Jibu: Hatua ya 3.

Swali: Si ungenipa tu, ni neno moja!

Jibu: Nikikupa hilo, kesho utaniletea anazungukazunguka. Kutembea kunaacha nini kimevunjika? Anza hapo.

Swali: Kanuni yako imeshindwa. "Alikataa katakata" nini kimekatwa?

Jibu: Hakijakatwa kitu, kwa sababu hapo katakata si kitenzi. Ni kielezi kinachoeleza alivyokataa: "flatly refused". Somo linahusu vitenzi kuanzia hatua ya 2. Katakata hiyo irudishe hatua ya 1.

Swali: Samahani mwalimu, nimeona umeandika iliyochanwachanwa, siyo iliyochanachanwa. Ni lazima? Na kwa nini tunasema anakulakula wakati kula shina lake ni -la?

Jibu: Umeona vizuri sana. Viambishi vya mbele havirudiwi, lakini vya nyuma huenda pamoja na shina, ndiyo maana -w- imejitokeza mara mbili. Kuhusu kula, shina la silabi moja ni fupi mno kusimama lenyewe, kwa hiyo huazima ku-, na ku- hiyo hurudiwa nalo. Anakulakula ni "keeps nibbling": kidogo hiki, kidogo kile, bila kukaa mezani.

Swali: Na namba? "Vitatu vitatu" ni sita?

Jibu: Hapana, ni mgawanyo. "Wape vitabu vitatu vitatu" ni "three books each". "Waliingia watatu watatu" ni "in threes". Kama kuna wa kupewa, tumia "each".

Swali: Niunganishe au nitenganishe?

Jibu: Sikiliza mkazo. Analialia lina mkazo mkuu mmoja, karibu na mwisho, kwa hiyo liunganishe. Watatu watatu kila neno lina mkazo wake, litenganishe.