Somo: Kushika viti vya kundi la Umra kutoka Nairobi, na kuchanga nauli bila kupoteza dipoziti

Mfano wa somo hili ni kundi la watu 24 wanaokwenda Umra, Nairobi hadi Jeda na kurudi, safari ya tarehe 20 Novemba. Bei na tarehe za humu ni za kufanyia hesabu tu, maana kila shirika la ndege lina masharti yake na huyaandika kwenye ofa. Mpangilio wa kazi lakini ni uleule, hata kama ni msafara wa harusi unaoteremka pwani.

Jambo la kushika kabla ya yote: shirika halijui kwamba mjomba atalipa kwa awamu tatu au kwamba shangazi anangoja pesa za chama. Linajua mkataba mmoja na mdaiwa mmoja, yaani ajenti wenu au yule aliyetia sahihi. Michango ni shida yenu wenyewe. Ndiyo maana tarehe za familia lazima zitangulie tarehe za shirika.

Hatua ya 1: Omba kama kundi, na uombe mahali pamoja

Mashirika mengi huhesabu kundi kuanzia watu 10 wanaokalia viti. Mtoto wa chini ya miaka miwili anayepakatwa hahesabiwi. Ukiingia mtandaoni kununua tikiti za kawaida, mara nyingi utaishia watu 9 kwa mara moja, na hapo kuna mtego. Viti vya ndege moja huuzwa kwa mafungu ya bei. Fungu la bei ya chini likibaki na viti 4 nawe ukatafuta vya watu 9, mtambo hautakupa 4 rahisi na 5 ghali. Utapandisha wote 9 hadi fungu linalowatosha pamoja. Dawati la makundi hutoa bei moja kwa wote. Haimaanishi kwamba bei hiyo ni ya chini kuliko zote. Unacholipia hasa ni muda wa kukusanya pesa na ruhusa ya kuleta majina baadaye.

Kosa linaloumiza watu Nairobi ni kupeleka ombi kwa ajenti watatu kwa wakati mmoja, mmoja Eastleigh, mwingine katikati ya jiji, wa tatu ni jamaa wa jamaa. Shirika likipokea maombi matatu ya watu 24, ndege ileile, siku ileile, ama litayakataa kama marudio, ama litaona wateja 72 wanaogombea viti na bei ipande. Uliza bei za jumla kwa wengi ukitaka, lakini tarehe na idadi kamili mpe mmoja tu.

Hatua ya 2: Soma tarehe za ofa kabla ya kusoma bei

Tuseme ofa imekuja tarehe 3 Agosti: shilingi 84,000 kwa mtu. Tarehe zake ni hizi:

- 10 Agosti: dipoziti ya 15,000 kwa kila kiti, yaani 360,000 kwa viti 24.
- 21 Septemba: mwisho wa kupunguza watu bila adhabu, lakini wasizidi asilimia 10 ya kundi.
- 16 Oktoba: majina yote na pesa zote, kisha tikiti zitolewe.

Kabla ya dipoziti viti havijawa vyenu. Ofa ni ahadi ya siku chache. Ikipita 10 Agosti viti vinarudi sokoni, na ofa mpya itakuja na bei ya siku hiyo. Angalia pia kama kodi zimefungwa ndani ya bei. Mara nyingi kinachofungwa ni nauli peke yake, na kodi huhesabiwa upya siku tikiti inapotolewa. Wekeni akiba ndogo kwa ajili hiyo.

Asilimia 10 ya watu 24 ni 2.4, na kwa kawaida huteremshwa hadi 2. Kwa hiyo mkiomba viti 24 "ili tuwe salama" hali mna uhakika wa watu 18, mmejitegea wenyewe. Ombeni idadi ya walio na nia na pesa. Anayechelewa ataongezwa kwa bei ya siku hiyo, na hiyo ni juu yake.

Hatua ya 3: Panga awamu za familia kabla ya tarehe za shirika

Hapa ndipo pa kukaa na kalamu. Kwa ofa hiyo, awamu zingekaa hivi: 15,000 kabla ya 8 Agosti, 35,000 kabla ya 14 Septemba, na 34,000 kabla ya 6 Oktoba. Jumla 84,000.

Awamu ya pili ndiyo yenye kazi kubwa. Imewekwa wiki moja kabla ya 21 Septemba kwa makusudi, ili asiyelipa aonekane wakati bado kuna nafasi ya kumpunguza. Ukiiweka mwisho wa Septemba kwa sababu ndipo mishahara inatoka, utawajua walioshindwa mlango ukiwa umeshafungwa.

Tuseme 14 Septemba imefika na watu 21 wamelipa, watatu hawajalipa. Unawapa siku tano, hakuna kitu. Tarehe 20 unamwandikia ajenti, kwa maandishi, kwamba kundi linashuka hadi 21. Wawili wanaingia kwenye ile asilimia 10, kwa hiyo dipoziti zao 30,000 zinabaki kwenye hesabu ya kundi. Wa tatu amezidi, na 15,000 yake imekwenda. Salio linakuwa hivi: watu 21 mara 84,000 ni 1,764,000. Toa dipoziti zilizobaki hai, 345,000. Mnadaiwa 1,419,000 ifikapo 16 Oktoba.

Je, ile 15,000 iliyopotea ni ya nani kati ya wale watatu? Amueni mwanzoni kabisa, pesa za kwanza zinapopokelewa. Njia isiyoleta ugomvi ni kuandika kwamba dipoziti ya anayejitoa hairudi mpaka shirika lifunge hesabu, na hasara ikitokea itagawanywa kwa waliojitoa. Hapa kila mmoja angekatwa 5,000 na kurudishiwa 10,000.

Njia ya pesa nayo ina mipaka. M-Pesa hupitisha hadi 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa siku, kwa hiyo hata dipoziti ya 360,000 haiendi kwa mkupuo mmoja. Salio la 1,419,000 litakula siku tatu kwa laini moja. PesaLink huishia 999,999 kwa muamala. Malipo ya juu ya milioni moja kupitia benki huenda kwa RTGS, ambayo haifanyi kazi wikendi wala usiku. Tumeni siku mbili za kazi kabla. Michango ya watu ikusanyieni kwenye akaunti ya benki yenye namba ya kulipia ya Lipa na M-Pesa, isiwe laini ya mtu binafsi ambayo salio lake haliwezi kuzidi 500,000.

Hatua ya 4: Majina, kutoka kwenye pasipoti tu

Msichukue majina kutoka kitambulisho wala kutoka ujumbe wa WhatsApp. Ombeni picha ya ukurasa wa pasipoti na msome mstari wa kwanza kati ya ile miwili ya chini:

```
P<KENABDALLA<<FATUMA<HASSAN<<<<<<
```

Kilicho kati ya `KEN` na alama `<<` ni jina la ukoo. Kinachofuata ni majina mengine. Kwenye tikiti litaandikwa `ABDALLA/FATUMA HASSAN MRS`. Kabla ya tikiti kutolewa, jina hurekebishwa au mtu hubadilishwa bila taabu kubwa. Baada ya hapo mashirika mengi hukataa kubadilisha mtu kabisa.

Maswali ya wanachama

Swali (South B): Ajenti anasema viti "vimeshikwa". Nitajuaje kama ni kweli?

Dada, mwombe namba ya buking, herufi na tarakimu sita, pamoja na hali ya kila safari. `HK` ni kwamba shirika limethibitisha. `HN` ni kwamba limeombwa na halijajibu. `HL` ni foleni ya kungoja. Usishangae buking ya kundi isiyo na majina isipofunguka kwenye tovuti ya shirika. Piga simu dawati lao la makundi uwatajie namba hiyo. Tikiti zikishatolewa kila mtu atakuwa na namba ya tarakimu 13, na tatu za kwanza ni za shirika: 706 ni Kenya Airways, 071 ni Ethiopian, 065 ni Saudia. Namba ya buking bila namba ya tikiti ni kiti kisicholipiwa, hata kama wewe umemlipa ajenti.

Swali (Eastleigh): Assalamu alaykum. Mama yetu anataka kubaki Madina wiki mbili zaidi baada ya kundi kurudi. Inawezekana?

Wa alaykumu salaam. Inawezekana, ila semeni kabla ya tikiti kutolewa. Ajenti humtoa kwenye kundi akamfungulia buking yake pekee. Mashirika mengine hukubali kurudi tofauti kwa bei ya kundi kwa idadi ndogo ya watu, mengine humtoza bei ya kawaida. Hesabuni pia kama anayetolewa atateremsha kundi chini ya watu 10 au kula ile nafasi ya asilimia 10. Na muda wa viza yake utoshe siku za nyongeza.

Swali (Kasarani): Sisi ni 14, harusi Mombasa. Tuombe bei ya kundi?

Si lazima, ndugu. Safari za Nairobi na Mombasa ni nyingi kwa siku. Tafuteni bei ya mtu mmoja, halafu wanne, halafu tisa, kwenye ndege ileile. Bei ikiruka kati ya wanne na tisa, kateni tikiti kwa vikundi vidogo, wa bei ya chini kwanza, au wengine wapande ndege ya mchana. Omba kundi pale ambapo majina hayajakamilika au pesa zitachelewa, kwa sababu tikiti ya kawaida hulipiwa papo hapo au ndani ya muda mfupi sana. Kuweka majina ya uongo ili kushika viti msijaribu. Mashirika huzifuta buking hizo na kumtoza ajenti, naye atawageukia nyinyi.

Swali (Kasarani tena): Na waliokwisha kulipa wanaweza kupewa tikiti zao kabla ya wengine?

Baadhi ya mashirika huruhusu tikiti za kundi kutolewa kwa mafungu, mradi zote zitoke kabla ya siku ya mwisho. Uliza kabla ya kulipa dipoziti, na jibu liwe kwenye barua pepe. Lakini fahamu kwamba mwenye tikiti mkononi akijitoa, haipotei dipoziti tu. Nauli inaweza kupotea yote na akarudishiwa baadhi ya kodi peke yake. Mwenye mashaka na likizo yake kazini ni heri tikiti yake itoke mwisho.