Kabla ya kununua koti la mtumba, vuta pembe za mfuko

Nimeonyeshwa na fundi, na sasa sinunui koti bila kufanya hivi. Inua kifuniko cha mfuko, ingiza kidole ndani, kisha vuta taratibu ile pembe ambapo mdomo wa mfuko unaishia. Mfuko wa namna hii hukatwa katikati ya kitambaa cha koti lenyewe, na kila mwisho fundi hukata pembetatu ndogo, akiishia uzi mmoja kabla ya mshono. Asipofika, pembe hujikunja. Akipitiliza, nyuzi hutoka na siku moja mfuko utachanika hapo. Pembe ikitulia bapa, aliyeshona alikuwa na mkono mzuri, na huenda hata mshono wa bega uko salama.

Kifuniko nacho kisukume ndani: kikiingia chote na kubaki midomo miwili myembamba, koti hilo utalivaa ofisini na harusini. Mfuko wa kubandikwa juu ni wa koti la kawaida, na wa mshazari asili yake ni makoti ya wapanda farasi wa Uingereza. Kwenye suruali, mfuko wa mshazari wa pembeni ukiachama wewe ukiwa umesimama wima, nyonga inabana.

Jaribio hili halifai kwa kitambaa kilicholegea kama kitani, maana hutoa nyuzi hata kikishonwa vizuri. Na mdomo ukiwa umefungwa kwa mishono mirefu iliyolegea, usivute. Hiyo ni mishono ya muda ya kiwandani. Ikate uzi mmoja mmoja kwanza.