Jinsi ya kulinganisha LPO, hati ya mzigo na ankara kabla ya kulipa (nimeandika baada ya kulipia marumaru ambazo hazikuja)

Mwezi uliopita nimelipa shilingi 288,000 kwa marumaru ambazo hazikuwahi kushuka getini kwetu, na karatasi zote tatu zilikuwa mezani kwangu zimebanwa pamoja kwa pini.

Sisi ni kampuni ndogo ya kumalizia nyumba hapa Dar es Salaam: bosi, mtunza stoo, mlinzi, mimi wa hesabu, na mafundi wanaokuja kazi ikiwepo. Kulinganisha karatasi tatu kabla ya kulipa nilidhani nakufanya siku zote. Kumbe nilichokuwa nafanya ni kutazama jumla ya LPO na jumla ya ankara, nikiona zimelingana nagonga muhuri. Hapo nilikuwa nalinganisha karatasi mbili tu, na hizo mbili karibu kila mara zitalingana, maana karani wa msambazaji anaandika ankara huku LPO yako iko mbele yake. Habari za kilichoshuka kwenye gari ziko kwenye hati ya mzigo, ambayo mimi nilikuwa naibana nyuma bila kuisoma.

Ilikuwa hivi. Tuliagiza boksi 120 za marumaru za sentimita 60 kwa 60. Boksi moja lina vipande vinne, yaani mita za mraba 1.44, na bei tuliyokubaliana ni 36,000 kwa boksi pamoja na VAT. Jumla 4,320,000. Mzigo ulikuja mara mbili. Jumanne asubuhi zilikuja boksi 80, mtunza stoo akahesabu, zikatimia. Ijumaa kenta ilifika saa moja usiku, mtunza stoo ameshapanda daladala, mlinzi akafungua geti na kusaini. Hati iliandikwa boksi 40. Zilishuka 32.

Ankara ilipokuja haikutaja boksi hata moja. Ilisema mita za mraba 172.8 kwa 25,000, jumla 4,320,000. Bosi alikuwa amesimama mlangoni, msambazaji amempigia mara tatu tangu asubuhi. Nikalipa.

Wiki mbili baadaye fundi akanipigia: "Dada, marumaru zimeisha na chumba cha nyuma bado." Boksi nane ni mita za mraba 11.52, chumba kizima cha kulala. Nikampigia karani wa msambazaji, akanisikiliza kwa upole kabisa, kisha akauliza: "Dada yangu, hiyo saini si ya mtu wenu?" Ilikuwa ya mtu wetu. Tukanunua boksi nane nyingine, nazo zikaja na rangi iliyofifia kidogo kuliko za kwanza, kwa kuwa ni za toleo jingine la kiwandani. Mwenye nyumba aliona kabla hata hajavua viatu.

Sasa tunafanya hivi.

Kuandika LPO

Fomu mnaijua, sitaieleza. Andika kipimo kimoja na ukitafsiri hapohapo: "boksi 120 (boksi 1 = m² 1.44, jumla m² 172.8)". Mbele ya bei andika kama VAT imo au haimo. Ukiandika 25,000 kwa mita bila kusema, msambazaji ana haki ya kuongeza asilimia 18 juu, na ankara yako itasoma 5,097,600 badala ya 4,320,000. Mtabishana nini wakati karatasi yako mwenyewe haikusema? Kwa marumaru na rangi ongeza sharti kwamba mzigo wote uwe wa toleo moja. Chini kabisa andika nani anaruhusiwa kupokea na mwisho saa ngapi. Yetu inasema mtunza stoo tu, mwisho saa kumi na moja jioni. Sentensi hiyo ingeniokolea 288,000.

Kupokea mzigo

Hapa ndipo pesa inapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Hati ya mzigo ni karatasi ya msambazaji. Ameichapa ofisini kwake kabla gari halijapakiwa, na namba iliyomo ni ile aliyokusudia kuleta. Inakuwa ushahidi wako pale tu mtu wako anapohesabu na kuandika alichokiona. Saini tupu chini ya maneno "mzigo umepokelewa ukiwa salama" maana yake umekubali namba yake.

Mtunza stoo wetu sasa anapewa nakala ya LPO isiyo na idadi. Inaonyesha jina la bidhaa, kipimo na msambazaji, lakini safu ya idadi nimeifunika kwa karatasi wakati wa kutoa nakala. Mwanzoni alinuna, akadhani simwamini. Nikamweleza kwamba mtu akishajua anatafuta 40, jicho lake litaona 40, hasa jua likiwa kali na dereva anapiga honi. Asiyejua inabidi ahesabu.

Akimaliza, anaandika kwa kalamu kwenye hati, kwa tarakimu na kwa maneno: "32, thelathini na mbili". Namba iliyochapwa anaikata kwa mstari mmoja unaoacha isomeke. Zilizovunjika zinaandikwa mstari wake, na hazihesabiwi kwenye zilizopokelewa. Anasoma namba ya toleo ubavuni mwa boksi na kuiandika pia. Kisha dereva anasaini pembeni ya marekebisho, kwenye nakala zote mbili. Jambo hili la nakala mbili watu wanalisahau. Ukirekebisha yako peke yake, ile ya dereva itarudi ofisini kwao ikisema 40, na siku ya ubishi kutakuwa na karatasi mbili zinazopingana, na yao ndiyo safi.

Dereva atasema ana haraka. Mpe maji ya kunywa, mwendelee kuhesabu. Kama mzigo ni mwingi mno, kama misumari ya makopo mia, andika "haijahesabiwa, tutathibitisha kesho" kabla ya saini, kisha kesho hesabuni kweli na mumtumie ujumbe siku hiyohiyo.

Kulinganisha

Usianzie kwenye ankara. Anza na hati za mzigo zote za LPO hiyo, jumlisha zilizopokelewa zikiwa nzima, na ufanye hesabu ya unachodaiwa kabla hujaangalia msambazaji anadai nini. Mimi natumia karatasi ya Excel, mstari mmoja kwa kila bidhaa: B ni idadi iliyoagizwa, C ni iliyopokelewa mpaka leo, D ni bei ya LPO, E ni tulicholipa tayari.

```
=MIN(B2,C2)*D2-E2
```

Fomula inachukua namba ndogo kati ya kuagizwa na kupokelewa. Wakileta pungufu, unalipa kilichofika. Wakileta zaidi, ziada hailipwi mpaka bosi akubali kuongeza LPO. Kwa mzigo wetu ingekuwa 112 mara 36,000, yaani 4,032,000. Baada ya hapo ndipo unafungua ankara. Kama ina kipimo kingine, igeuze iwe kipimo chako: 172.8 gawa kwa 1.44 ni boksi 120. Hesabu ya sekunde kumi ambayo sikuifanya.

Safu ya E usiidharau. Mzigo ukija kwa vipande, msambazaji mmoja atatoa ankara kwa kila safari, mwingine atatoa ya mzigo wote siku ya kwanza. Wengine wanafanya yote mawili bila nia mbaya, karani wa Jumanne hajui alichofanya karani wa Ijumaa.

Bei ikitofautiana kidogo kwa sababu ya senti za kugawanya mita, tunalipa. Kwetu mwisho ni shilingi 5,000 kwa ankara nzima. Idadi haina msamaha, hata boksi moja.

Zikitofautiana

Usikate namba kwenye ankara na kulipa pungufu kimyakimya. Kwenye vitabu vyao utaendelea kudaiwa 288,000, na mzigo unaofuata watauzuia. Mpigie, mtumie picha ya hati yenye saini ya dereva wake, na umpe njia mbili: alete boksi nane, au arekebishe ankara. Kama risiti ya EFD haijatoka, aandike ankara upya, risiti itoke ya 4,032,000. Kama imeshatoka ya kiasi chote, dai kredit noti ya 288,000 na uibane pamoja. Ndani ya 288,000 mna VAT karibu 43,900, na ukiidai TRA kwa mzigo ambao hukupokea, kosa limehamia kwako. Hakikisha pia jina la kampuni na TIN kwenye risiti ni vyenu. Risiti iliyoandikwa jina la dereva mnayo ya kufungia vitumbua tu.

Wakati ubishi unaendelea, sehemu isiyo na ubishi inaweza kulipwa. Bosi anapenda hapa, simu zinapungua.

Kulipa

Kabla ya kulipa tafuta namba ya ankara kwenye orodha ya zilizolipwa, lakini itafute kwa tarakimu zake za mwisho. Ankara ileile iliwahi kutufikia kama "INV-00457" kwa karatasi na kama "457" kwenye picha ya WhatsApp aliyotumiwa bosi, tukanusurika kulipa mara mbili kwa sababu tu benki mtandao ulikuwa chini. Sasa picha ya WhatsApp hailipwi. Karatasi halisi ikilipwa inagongwa muhuri "IMELIPWA" na tarehe, na hati zake za mzigo pia, ili zisitumike kubeba ankara nyingine.

Utaratibu huu wote haufanyi kazi LPO ikiandikwa baada ya mzigo kufika. Na inatokea, bosi akipita dukani na kuagiza kwa mdomo. LPO hiyo itanakiliwa kutoka kwenye ankara, na bila shaka zitalingana. Naiandika kwa tarehe ya kweli na neno "baada ya mzigo" juu, na bosi mwenyewe anasaini kwamba alihesabu. Tangu tuanze hivyo ameagiza kwa mdomo mara moja tu. Vilevile hautakamata bei iliyokuwa kubwa tangu kwenye LPO, wala kazi za ufundi zisizo na hati ya mzigo. Kwa hizo tunapima ukuta au sakafu na fundi mkuu anasaini vipimo.

Zikishalipwa, zibane hivi: ankara juu, hati za mzigo katikati, LPO chini, risiti ya EFD nyuma ikiwa imetolewa nakala, kwa sababu wino wa risiti zile hufutika na sheria inataka kumbukumbu za kodi zitunzwe miaka 5.