Notisi ya kupandisha renti: mimi nilirudia mara mbili ndio ikakubali

Niko na kaploti Lanet hapa Nakuru, singo sita nyuma na duka moja mbele, na mwaka jana nilipandishia wote renti kwa watsapu: "Kama mnavyojua maisha yamepanda, kuanzia mwezi ujao renti inaongezeka." Wa singo walinuna wakalipa. Mwenye duka akanyamaza, kumbe anapeleka hiyo meseji kwa traibyuno ya renti za majengo ya biashara, na notisi ikatupwa. Miezi mitano akaendelea kulipa 12,000 badala ya 13,500, hiyo ni 7,500 imeenda hivyo tu na sijataja wakili.

Kwa hivyo anza na duka. Kama hamkuandikiana, au mkataba ni wa miaka mitano kushuka, uko chini ya Sura ya 301, sheria ya landilodi na mpangaji wa duka, na lazima ujaze Fomu A, ile ya landilodi kumpa mpangaji. Isome kwanza kabla ulipe, mimi saiba walinichapia ile ya mpangaji kumpa landilodi na wakachukua pesa yangu na tabasamu.

Pale nilipochomeka sana ni tarehe. Miezi miwili inahesabiwa kutoka siku mpangaji amepokea, si siku uliandika. Yangu ya pili niliandika 28 Februari nikapeleka 3 Machi, sasa ningeweka 1 Mei ingekuwa imepungua siku mbili na tungerudi mwanzo, kwa hivyo nikaweka 1 Juni. Pia fomu inamwambia ajibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja kama amekubali au amekataa, usifute hapo. Akikataa anaweza kwenda traibyuno kabla tarehe ifike, na bei mpya itangoja uamuzi.

Sababu nayo, "maisha yamepanda" toa, hata yeye maisha yake yamepanda. Niliandika: "Renti haijaongezwa tangu 2021, na maduka mawili ya saizi hii barabara hii hii yanalipa 14,000." Hiyo mtu anaweza kutembea akahakikisha.

Wa singo fuata mkataba wenu. Kama uko kimya kuhusu notisi, mimi nawapa miezi miwili, mtu apate nafasi ya kutafuta kwingine (ila nyumba ya 2,500 kushuka iko chini ya Sura ya 296, sheria ya kudhibiti renti, hiyo usipandishe kivyako). Barua yao ni fupi:

"Kuanzia 1 Juni renti ya chumba chako itatoka 5,500 hadi 5,800. Ongezeko la 300 ni la askari wa usiku aliyeanza Januari. Maji na taka hazibadiliki. Deposti haiongezwi."

Hiyo laini ya deposti niliiongeza baada ya keateka kupigiwa simu na watu wanne jioni moja.

Chapa kopi mbili, peleka mwenyewe, asaini yako na aandike tarehe kwa mkono wake.