Dira ya Ramani Inapoelekeza Pasipo: Ondoa Sumaku Kwanza, Kisha Sawazisha

Dereva wa bodaboda amesimama Mwenge, Dar es Salaam, akitazama upande wa Tegeta, lakini mwale wa buluu kwenye Google Maps unaelekea Ubungo. Akishaondoka, mshale unakaa sawa. Sababu ni kwamba chombo kinapokwenda, programu hukadiria mwelekeo kutokana na mwendo unaosomwa na GPS, ilhali ukisimama hutegemea kihisi cha sumaku kilichomo ndani ya simu. Dalili hii inatosha kukitilia shaka kihisi hicho, au kilicho karibu nacho.

Hatua ya kwanza ni kuivua simu kila kitu: kava lenye kifungo cha sumaku, pete ya sumaku ya nyuma, na kile kibati cha chuma kinachobandikwa ili simu inase kwenye kishikilio cha sumaku. Kibati husahauliwa mara nyingi, ingawa chuma nacho hupinda uga wa sumaku, na kikikaa muda mrefu kwenye kishikilio huweza kugeuka sumaku chenyewe.

Hatua ya pili, sogea mita kadhaa kutoka kwenye pikipiki, magari, nguzo na mageti ya chuma, kisha fungua programu ya phyphox na uchague Magnetometer. Uga wa dunia katika pwani yetu ni kama mikrotesla 30 hadi 36. Simu ikisoma mamia, bado kuna sumaku karibu. Ikisoma thamani ya kawaida huku dira ikikosea, tatizo limebaki kwenye usawazishaji. Ikiwa programu haioni kihisi chochote, simu hiyo haina, kama zilivyo baadhi ya simu za bei nafuu, na hatua inayofuata haitasaidia.

Hatua ya tatu, gusa doti ya buluu kwenye ramani, chagua kusawazisha dira, kisha uchore namba nane hewani mara kadhaa, ukiipindua simu ili kila upande wake uelekee juu na chini. Mwale ukiwa mwembamba, usahihi umeongezeka. Kwenye iPhone, hakikisha Compass Calibration imewashwa ndani ya System Services, chini ya Location Services.

Mpangilio huu usigeuzwe. Ukisawazisha kava likiwa bado kwenye simu, simu hujifunza kuitoa sumaku ile katika hesabu zake. Ukilivua baadaye, hutoa kisichokuwepo, na dira hukosea upya hadi usawazishe tena. Kava la kufunua ni baya zaidi, kwa kuwa sumaku yake huhama kila unapolifungua.

Kwa dereva wetu, ningependekeza kishikilio cha kubana chenye makucha ya plastiki. Usukani na fremu za chuma bado zitavuta dira kidogo, kwa hiyo akitaka kujua upande akiwa amesimama, aichomoe simu na asogee hatua chache kabla ya kuisoma.