Somo: Namna ya kuandika methali na misemo ya wasemaji katika muhtasari wa mkutano

Naandika somo hili kwa sababu nimechoka kujibu swali lile lile kila juma: msemaji akitumia methali au msemo mkutanoni, karani aandike nini? Mimi huandika mihtasari ya mikutano ya vijiji na ya wazazi wa wanafunzi hapa Dodoma, na ninayoyaeleza hapa ndiyo ninayoyafanya.

Hatua ya kwanza ni kuomba ruhusa ya kurekodi na kuandika jina la kila anayesimama kusema.

Hatua ya pili ni kuandika methali papo hapo, neno kwa neno, ndani ya alama za kunukuu, na pembeni uweke dakika inayoonekana kwenye simu inayorekodi. Usingoje kuikumbuka jioni, kwa kuwa jioni utaandika methali unayoijua wewe badala ya ile aliyoitamka yeye.

Hatua ya tatu ni kuandika sentensi iliyotangulia methali na ile iliyoifuata, hata kama zinaonekana hazina uzito.

Hatua ya nne ni maana, na hapa ndipo nilipokosea mara mbili kwa msemo mmoja. Wazazi walikutana kujadili uji wa wanafunzi. Mzazi mmoja akasimama akasema: "Tulianza na watoto mia mbili, leo wapo mia tatu na arobaini, na mahindi tunayochanga ni yale yale. Ndugu zangu, maji yamezidi unga. Tukae tuhesabu upya." Katika muhtasari niliandika hivi: "Mzazi alilalamika kuwa uji unaopikwa shuleni ni mwepesi." Kwa kuwa mazungumzo yote yalihusu uji, hakuna aliyeishtukia sentensi ile. Siku chache baadaye mpishi aliitwa aeleze unga unakopelekwa, naye ni mama aliyekuwa akipimiwa unga kila asubuhi mbele ya mtunza stoo. Alisimama mbele ya watu akijitetea kwa jambo ambalo hakuna mzazi aliyelisema.

Nilipotakiwa kusahihisha, nikakosea kwa upande wa pili. Nilijua kuwa msemo huo hutumika pale mambo yanapomzidi mtu uwezo, basi nikaandika kuwa mzazi "alimaanisha kamati imeshindwa kazi." Maana ya jumla ilikuwa sahihi, lakini kamati niliichomeka mimi, kwani yeye hakuitaja hata mara moja. Mara ya kwanza niliuchukua msemo kama ulivyo, na mara ya pili nikamtungia msemaji wazo. Kosa la pili ni baya zaidi, kwa sababu linasomeka vizuri na wachache hulitilia shaka.

Maandishi yaliyokubaliwa na mzazi mwenyewe ni haya: "Alisema kuwa wanafunzi wameongezeka kutoka 200 hadi 340 ilhali mchango wa mahindi haujabadilika, hivyo 'maji yamezidi unga', yaani mchango uliopo hautoshi kwa idadi hiyo. Aliomba hesabu ya mchango ifanywe upya." Sababu aliitoa yeye, msemo ni wake, na ombi lake limeandikwa kama ombi, si kama lawama. Kila neno linalofuata "yaani" liwe na mahali unapoweza kuweka kidole katika maneno yake na kusema, hili limetoka hapa. Ukikosa pa kuweka kidole, ifute "yaani" pamoja na kinachoifuata.

Maana isipojitokeza, mfuate msemaji kabla watu hawajatawanyika. Muulize, "Ulikusudia nini uliposema hivi?" Usimuulize, "Ulikusudia kwamba kamati imeshindwa?" Ukimwekea jibu mdomoni, mtu mzima anaweza kuitikia kwa heshima tu, nawe ukaandika wazo lako kwa jina lake. Usipompata, andika methali yenyewe na uongeze kwamba hakuifafanua.

Hatua ya tano ni kumsomea msemaji rasimu. Mkutano unaofuata ukifika kwenye kuthibitisha muhtasari, hiyo ndiyo nafasi ya mwisho ya kusahihisha kabla mwenyekiti na katibu hawajatia saini.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Kongwa: Kwa nini usituwekee orodha ya methali na maana zake, sisi tukanakili tu?

Jibu: Kwa sababu ndivyo nilivyomponza yule mpishi na kisha ile kamati. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe" nimeisikia kwa mtu aliyetaka wahamiaji washiriki kuchimba mtaro, na pia kwa mtu aliyetaka fundi aliyekwisha kulipwa aanze kazi. Orodha haitakuambia yupi alisema nini. Tafadhali isome upya hatua ya nne.

Mwanachama wa Bahi: Msemaji wangu alikosea methali, akasema "mvumilivu hula mbovu." Nimemsahihisha, nikaandika "mbivu."

Jibu: Je, kabla ya hapo alisema nini?

Mwanachama wa Bahi: Alisema wameahidiwa pampu ya kisima tangu mwaka juzi na bado wanangoja.

Jibu: Basi hakukosea. Aliigeuza methali kwa makusudi ili aseme kuwa kungoja kumewaletea hasara, nawe umemfanya awahimize wenzake waendelee kungoja. Rudisha neno lake leo.

Mwanachama wa Bahi: Lakini katibu anapaswa kuandika Kiswahili sanifu.

Jibu: Sentensi zako ziwe sanifu. Yaliyo ndani ya alama za kunukuu ni mali ya msemaji.

Mwanachama wa Kondoa: Shikamoo mwalimu. Huku kwetu wazee huanza kwa Kiswahili, lakini wakifika kwenye methali hugeukia Kirangi. Mimi naelewa maneno, ila kiini mara nyingi hunipita. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, na nashukuru kwa kuuliza. Hata huku kwetu Cigogo huingia hivyo hivyo. Mimi huacha mistari mitatu mitupu katika daftari, naandika dakika, kisha baada ya mkutano naketi na mzee mwenyewe na kumsikilizisha sauti yake. Mstari wa kwanza naandika methali kwa lugha yake, na tahajia anaihakiki mtu anayeiandika lugha hiyo vizuri. Mstari wa pili ni tafsiri ya maneno. Mstari wa tatu ni maelezo ya mzee, nayo nayaandika kama maelezo yake. Vijana wawili wakikupa maana mbili tofauti, usipige kura kati yao. Rudi kwa mzee. Pia usiiondoe methali yake ukaweka ya Kiswahili inayofanana nayo, kwa kuwa kufanana kwa methali mbili hakumaanishi kwamba alikusudia yote yaliyomo katika ile ya pili.

Mwanachama wa Mpwapwa: Na msemaji akiishia nusu? Diwani alisema "chelewa chelewa" akanyamaza, na watu wakamalizia kwa sauti.

Jibu: Andika kama ilivyotokea: alisema "chelewa chelewa", na wajumbe wakaitikia "utamkuta mwana si wako." Kuitikia kwao kunaonyesha kuwa mkutano ulimwelewa, jambo ambalo msomaji hatalijua ukiiandika methali nzima kwa jina la diwani. Watu wakicheka au wakiguna, liandike hilo pia, kwa kuwa huenda likaonyesha kuwa methali ilisemwa kwa kejeli.

Mwanachama wa Mpwapwa: Tatizo ni kwamba mwitikio wa watu hausikiki kwenye simu yangu. Tunakutana chini ya mbuyu na upepo ni mkali.

Mwanachama wa Kondoa: Mimi huweka simu mbili: moja karibu na anayesema, imefunikwa kitambaa chepesi, na ya pili katikati ya watu. Ile iliyokuwa mezani kwa mwenyekiti ilinasa zaidi mchakacho wa karatasi.

Jibu: Nimelichukua hili la simu ya pili. Nitaijaribu katika mkutano ujao.