Kukokotoa mkazo kwenye koo la weldi ya braketi inayosokotwa

Wiki hii nimekaa na mwenzangu kupitia hesabu ya braketi ambayo jibu lake lilionyesha iko salama, kumbe haikuwa salama. Kosa lake ndilo lililowahi kunimalizia jioni nzima, kwa hiyo hatua ya nne hapa chini ni ndefu kuliko nyingine zote.

Braketi yenyewe ni bamba lililolazwa juu ya uso wa nguzo na kuchomelewa pande tatu, umbo la herufi C. Weldi ya wima ina mm 200 na iko kushoto, mwisho kabisa wa bamba. Weldi mbili za mlalo, juu na chini, zina mm 100 kila moja na zinaishia ukingoni mwa nguzo upande wa kulia. Mguu wa weldi ni mm 8. Mzigo wa kN 60 unavuta kwenda chini, mm 200 kulia kwa ukingo huo.

1. Koo. Zidisha mguu kwa 0.707, upate mm 5.656. Koo ni sehemu nyembamba kuliko zote ya weldi, na weldi hukatika hapo, si mguuni.

2. Kitovu cha weldi. Kila weldi ichukulie kama mstari usio na unene. Mimi hufanya hivi siku zote, kwa sababu ukubwa wa mguu ukibadilika hurudii hesabu yote. Urefu wa jumla ni mm 400, na kitovu kiko mm 25 kulia kwa weldi ya wima: (2 × 100 × 50) ÷ 400. Mkono wa mzigo hupimwa kutoka hapo, si kutoka ukingo wa nguzo. Ni 75 + 200 = mm 275. Ukitumia 200 utapunguza msokoto kwa zaidi ya robo.

3. Mkazo wa moja kwa moja na J.

```
A  = 5.656 × 400 = 2262 mm²
τ1 = 60000 / 2262 = 26.5 MPa (chini)
Ju = 3083333 mm³
J  = 5.656 × Ju = 17.44 × 10^6 mm⁴
T  = 60000 × 275 = 16.5 × 10^6 N·mm
```

T ni msokoto, J ni kipimo cha jinsi weldi zote kwa pamoja zinavyopinga kusokotwa, na Ju ni J hiyo kabla ya kuzidishwa kwa koo. Ju ni jumla ya mistari yote mitatu: kwa kila mmoja, urefu kipeo cha tatu gawa kwa 12, ongeza urefu mara mraba wa umbali wa katikati yake kutoka kwenye kitovu.

4. Kuunganisha mikazo miwili. Ncha ya kulia ya weldi ya juu iko mm 75 kulia na mm 100 juu ya kitovu, yaani umbali wa mm 125. Mkazo wa msokoto hapo ni T × 125 ÷ J = 118.3 MPa. Mwenzangu aliuchukua huo na 26.5, akatumia kanuni ya Pitagorasi, akapata 121.2. Kwa elektrodi E6013 kikomo tulichotumia ni 0.3 × 414 = 124 MPa, akaridhika.

Lakini Pitagorasi hufaa tu pale mikazo miwili inapokutana kwa pembe mraba. Mkazo wa msokoto uko mraba na mstari unaotoka kitovuni hadi kwenye ncha, na mstari huo umelala mshazari. Kwa hiyo sehemu ya mkazo huo inaelekea chini, njia moja na mzigo. Ugawanye kwanza, na hapa ndipo watu huchanganya: umbali wa mlalo hutoa mkazo wa wima, na umbali wa wima hutoa mkazo wa mlalo.

```
wima:  T × 75 / J  = 71.0
mlalo: T × 100 / J = 94.6
wima yote = 71.0 + 26.5 = 97.5
τ = √(97.5² + 94.6²) = 135.8 MPa
```

Imepita kikomo. Kujumlisha kavu, 118.3 + 26.5, kungetoa 144.8, ambayo nayo si kweli ingawa inakosea upande salama.

Ishara ya jumlisha au toa usiikariri. Chora bamba, lizungushe kwa kidole kuelekea mzigo unakolivuta, utazame kila kona inakwenda wapi. Hapa upande wa kulia unashuka, basi mikazo ya wima inajumlishwa. Kushoto unapanda, inapunguzana: 26.5 − 23.7 = 2.8, na mkazo wa pale ni 94.6 tu. Ukipata kona ya kushoto imezidi ya kulia katika umbo hili, umegeuza ishara.

5. Rekebisha. Mkazo hupungua kwa uwiano wa mguu. Kwa mm 9 ni 135.8 × 8 ÷ 9 = 120.7 MPa, chini ya kikomo. Bado kagua na chuma cha bamba chenyewe.

Haya yote ni kwa mzigo ulio kwenye bapa la weldi. Bamba likisimama wima likichomoza kutoka usoni mwa nguzo, mzigo huo hupinda weldi badala ya kuisokota, na J hii haitumiki.